Nani Anayeskani? Msimbo wa Mwuzaji na Msimbo wa Mnunuzi

Bwana au Bibi mkulima, tuseme umeketi kando ya barabara ya Kinangop na ndoo zako za viazi. Gari lasimama, mtu ashuka, achagua ndoo tatu, kisha akuambia, "Sina fedha mkononi. Nitalipa kwa simu. Msimbo wako uko wapi?" Wewe wamwonyesha kibao chako chenye mraba wa madoa meusi na meupe, naye aelekeza simu yake hapo na kulipa.

Siku nyingine wewe ndiwe mnunuzi. Umekwenda mji mwingine, pengine hata nchi nyingine, na karani wa duka hakuonyeshi kibao chochote. Ashika chombo kidogo chenye mwanga mwekundu na kukuambia, "Fungua msimbo wa simu yako nikuskani."

Kwa macho mambo haya mawili ni kama mamoja. Yote yana simu, yote yana mraba, na mwishowe fedha hutoka kwa mnunuzi na kuingia kwa mwuzaji. Lakini ndani yake ni mambo mawili mbali kabisa. Katika njia ya kwanza, anayepaswa kuwa macho zaidi ni mwuzaji. Katika njia ya pili, ni mnunuzi. Mtu asiyeijua tofauti hii huweza kuulinda msimbo usio na haja ya kulindwa, na kuuacha wazi ule ambao ni kama mkoba wake.

MRABA HUU NI KITU GANI?

Mraba wenyewe ni maandishi tu, yaliyoandikwa kwa madoa ili mashini iyasome upesi. Ulibuniwa nchini Japani mwaka 1994 na kampuni ya Denso Wave, ili kufuata vipuri vya magari kiwandani. Kuskani ni kuelekeza jicho la kamera kwenye mraba ili simu au mashini isome maandishi hayo.

Basi mraba hauna fedha ndani yake, kama vile bahasha yenye anwani isivyo na mtu ndani yake. Swali la maana ni hili: maandishi hayo yasema nini? Msimbo wa mwuzaji wasema, "Fedha ziletwe hapa." Msimbo wa mnunuzi wasema, "Fedha zichukuliwe kwangu." Hiyo ndiyo tofauti yote, na mengine yote hutoka hapo.

Watu wanaotengeneza kanuni za malipo waliliona jambo hili tangu mapema. Mwaka 2017 shirika la EMVCo, ambalo ni la makampuni makubwa ya kadi za malipo, lilipotoa kanuni za misimbo ya kulipia, halikutoa kitabu kimoja bali viwili: kimoja cha msimbo unaoonyeshwa na mwuzaji, na cha pili cha msimbo unaoonyeshwa na mnunuzi. Hapa kwetu, Benki Kuu ya Kenya ilitoa kanuni ya msimbo wa nchi, iitwayo KE-QR, mwaka 2023.

NJIA YA KWANZA: MNUNUZI ASKANI

Turudi kwenye viazi vyako. Bei ya ndoo moja tuseme ni shilingi 350, na mnunuzi amechukua ndoo tatu. Deni lake ni shilingi 1,050. Hivi ndivyo malipo yanavyokwenda.

Mnunuzi afungua programu ya kulipia katika simu yake, na kuielekeza kwenye kibao chako. Simu yake yasoma namba yako ya kupokelea fedha. Kisha jina lako, au jina la biashara yako, latokea katika kioo cha simu yake. Yeye aandika 1,050, kisha namba yake ya siri. Amri yatoka kwenye simu yake kwenda kwa kampuni ya simu au benki. Kampuni yaondoa fedha kwake, yaziweka kwako, na kutuma habari kwa kila mmoja.

Tazama vizuri: wewe mwuzaji hukufanya lolote. Mnunuzi ndiye aliyesoma msimbo, ndiye aliyeandika bei, ndiye aliyetoa amri. Kazi ya kibao chako ilikuwa ni kumwokoa asiandike namba ndefu na kuikosea. Kwa sababu hiyo kibao chaweza kuwa karatasi tu. Hakihitaji umeme wala betri. Hata wewe mwenyewe waweza kuwa na kabambe isiyo na kamera, na bado ukalipwa, maadamu simu yako yapokea ujumbe.

Wengine huuliza: "Mbona karatasi yangu haina bei, lakini katika duka fulani niliposkani bei ilitokea yenyewe?" Jibu ni kwamba maandishi ya msimbo hupangwa kwa mafungu. Katika kanuni ile ya EMVCo, kila fungu huanza na namba ya fungu, halafu hesabu ya herufi zinazofuata, halafu habari yenyewe. Msimbo wenye bei ya viazi vyako ungekuwa na mafungu kama haya ndani yake:

```
5303404
54041050
5802KE
```

Mstari wa kwanza ni fungu la 53, lenye herufi 03, nazo ni 404, yaani namba ya shilingi ya Kenya. Mstari wa pili ni fungu la 54, ambalo ni bei: herufi 04, nazo ni 1050. Mstari wa tatu ni fungu la 58, nchi, yaani KE. Karatasi iliyochapwa mara moja kwa wanunuzi wote haina fungu la 54, kwa kuwa bei hubadilika kila mara. Duka lenye mashini huweza kuunda msimbo mpya kwa kila mnunuzi na kutia bei ndani. Hapo mnunuzi haandiki bei, bali athibitisha tu.

Lakini usidanganyike kwa kuwa mraba umetokea kwenye kioo badala ya karatasi. Ikiwa mraba ni wa mwuzaji, na mnunuzi ndiye anayeuskani, hiyo bado ni njia ya kwanza.

YANAYOHARIBIKA KATIKA NJIA YA KWANZA

Kosa la kwanza ni la bei. Mnunuzi akiwa na haraka huandika 105 badala ya 1,050. Simu yake italia na kusema malipo yamefaulu, naye hatasema uongo akikuambia, "Nimelipa." Amelipa, lakini hakulipa deni lote. Kwa hiyo haitoshi kusikia mlio. Soma kiasi.

Kosa la pili ni kuamini kioo cha simu ya mtu mwingine. Mnunuzi akuonyesha maneno kwamba amelipa shilingi 1,050, lakini maneno hayo yaweza kuwa picha ya malipo ya jana, au ujumbe aliouandika mwenyewe. Wapo pia wanaotuma ujumbe wa uongo kwa simu ya mwuzaji, ulioandikwa kwa mfano wa ujumbe wa kampuni. Tazama umetoka kwa nani. Ujumbe wa M-PESA hutoka kwa jina MPESA, si kwa namba ya kawaida ya mtu. Na hata ukiuona ujumbe, tazama salio lako kama mali uliyouza ni ya thamani kubwa. Salio ndilo shahidi wa mwisho.

Kosa la tatu ni baya zaidi, kwa sababu mnunuzi hana hatia. Mwizi aja usiku, au wakati umegeuka kupima viazi, abandika karatasi yake ndogo juu ya mraba wako. Mnunuzi mwaminifu askani, aandika bei iliyo sawa, atia namba ya siri, na fedha zaenda kwa mwizi. Mnunuzi apata ujumbe halisi wa kampuni. Wewe hupati kitu. Hapo huanza ugomvi baina ya watu wawili ambao hakuna hata mmoja wao aliyeiba.

Wizi wa namna hii umetokea sana nchini Uchina, mahali ambapo karatasi za misimbo zimebandikwa karibu kila meza ya soko. Ndiyo maana Benki Kuu ya Uchina iliweka sheria, iliyoanza kutumika tarehe 1 Aprili 2018, kwamba mtu mmoja asilipe zaidi ya yuani 500 kwa siku kwa misimbo ya namna ya karatasi, ile isiyobadilika. Walifahamu kwamba karatasi haiwezi kujilinda yenyewe.

Dawa yake kwako ni rahisi. Kila asubuhi kabla ya kuanza kuuza, pitisha ukucha juu ya mraba wako uone kama kuna karatasi iliyobandikwa. Andika jina lako na namba yako ya kupokelea chini ya mraba kwa herufi kubwa. Kisha mwombe kila mnunuzi akusomee jina linalotokea katika simu yake kabla hajatia namba ya siri. Jina likiwa si lako, mwambie asimame. Fedha ambazo hazijatumwa hazihitaji kurudishwa. Namba hiyo uliyoiandika itamsaidia pia mnunuzi ambaye simu yake haina kamera, kwa kuwa ataiandika kwa mkono.

Na kwa kuwa meza yako iko kwenye vumbi na matope, funika kibao kwa plastiki. Msimbo huvumilia uchafu kidogo na bado ukasomeka, lakini ile miraba mitatu mikubwa ya pembeni ikifutika, simu haitajua pa kuanzia kusoma.

NJIA YA PILI: MWUZAJI ASKANI

Sasa tuiangalie njia ya pili, ambayo hapa Kenya haijazoeleka kama ile ya kwanza. Mahali inapoonekana vizuri ni Uchina, katika programu mbili kubwa za kulipia, Alipay na WeChat. Huko mchuuzi wa barabarani hutumia karatasi, lakini duka kubwa lenye foleni ndefu huskani simu za wanunuzi.

Tuseme ndoo zako tatu za viazi zauzwa katika duka la namna hiyo. Karani apiga hesabu katika mashini yake: 1,050. Mnunuzi afungua programu yake na kubonyeza mahali pa kulipia. Kwenye kioo chake chatokea mraba, na juu yake mistari myeusi kama ile iliyo kwenye pakiti ya chumvi. Mraba na mistari vyabeba namba ile ile moja. Vimewekwa viwili kwa kuwa mashini nyingine za duka zajua kusoma mistari tu.

Karani aelekeza chombo chake kwenye simu. Mashini ya duka yachukua namba ile, yaiunganisha na bei, na kupeleka kwa kampuni maneno haya: "Mwenye namba hii adaiwa kiasi hiki na duka hili." Kampuni yatazama namba ni ya nani, kama ingali hai, na kama fedha zipo. Yakiwa sawa, fedha zaondolewa kwa mnunuzi na kupewa duka. Mashini ya karani yamwambia kwamba amelipwa. Jambo lote huchukua nukta chache.

Tazama jinsi mambo yalivyogeuka. Bei imeandikwa na mwuzaji. Amri ya kuchukua fedha imetoka kwenye mashini ya mwuzaji. Mnunuzi hakuandika kitu. Tena, kiasi kikiwa kidogo, programu hizo huweza kukichukua bila kumwuliza mnunuzi namba yake ya siri. Kule kufungua msimbo na kuuonyesha ndiko kuliko kibali chake. Kiasi kikizidi kipimo fulani, simu humwuliza namba ya siri kwanza.

Usichanganye jambo hili na lile unalolijua hapa Kenya, ambapo karani wa duka huandika namba yako ya simu katika mashini, na dai latokea ghafla kwenye simu yako likikuomba namba ya siri. Hilo nalo huanzishwa na mwuzaji, lakini halina msimbo, na fedha hazitoki mpaka wewe utie namba yako ya siri. Katika njia ya msimbo wa mnunuzi, kibali chaweza kuwa kimekwisha kutolewa pale ulipouonyesha.

KWA NINI MSIMBO WA MNUNUZI HAUKAI

Kama msimbo wako wasema, "Fedha zichukuliwe kwangu," basi msimbo huo ukichapwa na kubandikwa ukutani, kila mpita njia mwenye mashini angejichukulia. Kwa sababu hiyo msimbo wa mnunuzi haukai. Katika WeChat, kwa mfano, namba yake ina tarakimu 18, nayo hubadilika kila dakika moja hata kama hakuna aliyeitumia. Ikisha kutumika mara moja, imekufa. Mtu akiipiga picha leo na kuileta kesho, mashini ya duka itaikataa.

Hapa ndipo palipo kipimo rahisi cha kutambua misimbo hii miwili. Msimbo unaokaa vile vile kwenye karatasi mwaka mzima ni wa kupokea. Msimbo unaojibadilisha mbele ya macho yako kila dakika, katika programu yako mwenyewe, ni wa kutoa. Wa kwanza waweza kumwonyesha kila mtu, maana anayeuskani aweza tu kukuletea fedha. Wa pili usimwonyeshe mtu yeyote ila yule unayemlipa, wakati ule ule unapomlipa.

YANAYOHARIBIKA KATIKA NJIA YA PILI

Dakika moja ni muda mfupi, lakini kwa mwizi aliye tayari ni mrefu wa kutosha. Mtu asimama kwenye foleni, amefungua msimbo wake mapema ili asicheleweshe wengine, na ameishika simu wazi kifuani. Aliye nyuma yake aweza kuupiga picha na kuutumia kabla haujabadilika. Basi mambo yote yako katika wakati: fungua msimbo ukisha fika mbele ya karani na kuisikia bei, si kabla ya hapo.

Wizi mwingine hufanywa kwa maneno. Mtu apiga simu na kujifanya mwuzaji, au mnunuzi anayetaka kukulipa malipo ya awali. Akuambia, "Nisomee zile tarakimu zilizo chini ya mistari ili nikutumie fedha." Kumbuka kwamba mistari na mraba vina namba ile ile. Kumsomea tarakimu hizo ni sawa na kumpa simu yako aiskani. Wizi huu uliwapata watu wengi Uchina, hata programu zikaanza kuzificha tarakimu na kumwonya mtu kabla hajazifungua. Fahamu ya kwamba hakuna anayehitaji msimbo wako wa kutoa ili akuletee fedha. Anayetaka kukulipa huhitaji ule wa kupokea tu.

Kosa la tatu ni la bei tena, lakini safari hii limehamia upande wa pili. Karani aandika 10,500 badala ya 1,050. Kama programu haikuuliza namba ya siri, fedha zimekwisha toka kabla hujatambua. Kwa hiyo soma bei kwenye kioo cha mashini ya duka kabla ya kunyoosha simu, na usome ujumbe wako kabla ya kuondoka. Ukiwa bado umesimama mbele ya karani, yeye mwenyewe aweza kurudisha fedha. Ukisha kufika nyumbani, itakubidi kuanza mashauri.

MTANDAO WA NANI?

Jambo moja zaidi lapambanua njia hizi, nalo ni la maana sana kwa sisi tukaao mbali na mlingoti wa simu. Anayetoa amri ndiye anayehitaji mtandao.

Katika njia ya kwanza, simu ya mnunuzi lazima iwe na mtandao, kwa kuwa ndiyo inayopeleka amri. Simu yako wewe mwuzaji yahitaji kupokea ujumbe tu. Mtandao ukiwa dhaifu, huenda amri yake ikafika na ujumbe wako ukachelewa. Usimwambie alipe mara ya pili kwa haraka. Kwanza tazama salio, maana kulipa mara mbili ni ugomvi mwingine.

Katika njia ya pili, mashini ya mwuzaji ndiyo inayohitaji mtandao. Simu ya mnunuzi yaweza kuwa haina bando kabisa. Alipay na WeChat huweza kuunda msimbo bila mtandao, kwa kutumia siri iliyowekwa ndani ya simu hapo awali. Kampuni nayo yaijua siri hiyo, kwa hiyo yaweza kuutambua msimbo ukifika kwake. Ndiyo sababu njia hii hupendwa mahali pa haraka: hakuna anayengoja mnunuzi atafute mtandao, wala atafute miwani ili aandike bei.

Lakini haraka hiyo ina gharama yake. Mwuzaji sharti awe na chombo cha kuskania, au simu yenye kamera na programu ya kazi hiyo, na umeme, na mtandao usiokatika. Siku mtandao wa duka unapokatika, foleni nzima husimama. Siku hiyo hiyo mama mwenye karatasi pembeni ya barabara aendelea kuuza, maana kila mnunuzi amekuja na mtandao wake.

IPI YAKUFAA WEWE?

Kwa mkulima anayeuza ndoo ishirini za viazi kwa siku, njia ya kwanza yatosha. Wanunuzi wako si wengi kwa wakati mmoja, na nukta thelathini za kuandika bei hazimfukuzi mtu. Karatasi yako haina gharama kubwa. Kazi yako ni mbili tu: kuulinda mraba usibandikwe, na kutomwachia mnunuzi mali mpaka uone fedha kwa upande wako, si kwa upande wake.

Njia ya pili yalifaa duka lenye foleni. Kama chama chenu kina duka la mbolea na mbegu, na siku ya malipo watu hamsini huja pamoja, huko ndiko nukta chache kwa kila mtu zaweza kuokoa mchana mzima. Lakini kabla ya kununua vyombo, ulizeni mambo mawili. Je, simu za wanachama wengi zaweza kuonyesha msimbo? Mtu mwenye kabambe hawezi, basi lazima awekewe njia nyingine. La pili, je, kampuni mnayoitumia inaitoa njia hiyo ya mwuzaji kuskani mnunuzi? Kuwa na karatasi ya msimbo dukani si dalili ya kwamba njia ya pili ipo, kwa kuwa kila njia ina kanuni zake.

KUMBUKA HAYA

Mtu akikuambia, "Skani hapa," wewe ndiwe unayetoa fedha kwa mkono wako. Soma jina, andika bei, soma tena, kisha tia namba ya siri.

Mtu akikuambia, "Nikuskani," yeye ndiye anayechukua fedha, nawe wampa kibali. Soma bei kwenye mashini yake kwanza, onyesha msimbo wakati huo tu, kisha uufunge.

Na wewe ukiwa ndiwe mwuzaji mwenye karatasi, mlio wa simu ya mnunuzi si fedha. Ujumbe ulio kwake si fedha. Ndoo zibaki mezani pako mpaka shilingi 1,050 zionekane katika hesabu yako mwenyewe.